Shajara ya mradi: kupima ufifishaji wa daraja la chuma kwa upungufu wa logi

Tunachopima ni kitu kimoja: daraja la waenda kwa miguu likishachokozwa na kuachwa, mtetemo wake unakufa kwa kasi gani. Daraja lenyewe ni jepesi. Ni mihimili miwili ya chuma ya umbo la I, aina ya IPE 600, mita 22 kutoka kiegemeo hadi kiegemeo, juu yake wavu wa chuma wa kukanyagia, chini yake mfereji mkavu. Wanaolivuka wanasema linarukaruka. Anayelifanyia hesabu anahitaji uwiano wa ufifishaji, zeta, kwa sababu hatua za mpita njia zikilingana na mtetemo wa daraja, kinachobaki kuuzuia mtetemo usikue ni zeta peke yake. Zeta ikiwa nusu ya ile uliyodhani, mtetemo utafika maradufu.

Hesabu ni fupi. Chukua kilele kimoja cha mtetemo huru, A0, na kingine kilichokuja baada ya mizunguko n, An:

```
delta = (1/n) * ln(A0/An)
zeta  = delta / sqrt(4*pi^2 + delta^2)
```

Delta ndiyo upungufu wa logi, yaani logi asilia ya uwiano wa kilele kimoja kwa kile kinachokifuata. Kwa kuwa ni uwiano, haijalishi kama A ni msogeo au mchapuko, mradi kinachotetema ni modi moja tu, yaani namna moja ya daraja kutetema. Watu wengi hugawa delta kwa 2π na kuishia hapo. Njia hiyo ya mkato hukosea kwa asilimia 2 hivi pale zeta inapofika asilimia 20. Kwa chuma, ambako zeta huwa karibu na asilimia 1 au chini yake, kosa halionekani.

Ugumu hauko kwenye hesabu, uko kwenye rekodi. Sehemu kubwa ya shajara hii inahusu rekodi zilizotoa majibu mazuri kwa macho ambayo hayakuwa ya daraja.

6 Mei: makadirio kabla ya kugusa daraja

Uzito wa daraja lote ni kama kilo 400 kwa kila mita. Kwa mihimili miwili ya IPE 600 iliyolazwa juu ya viegemeo vya kawaida, modi ya kwanza ya kupinda inatoka karibu 3.2 Hz. Ukining'iniza kilo 200 katikati, daraja litashuka milimita 1.1. Ukiziachia ghafla, litaanza kutetema kwa kimo hicho hicho, na mchapuko wa kilele cha kwanza utakuwa kama 0.45 m/s². Namba hii tumeiandika ubaoni kabla ya kipimo chochote. Rekodi ikianza mbali nayo sana, kuna kitu kimeachiliwa vibaya au kihisi kimefungwa vibaya.

Vihisi vya mchapuko ni viwili, kila kimoja kimebanwa juu ya mhimili wake katikati ya urefu. Vinachukua sampuli 200 kwa sekunde, yaani sampuli 62 hivi kwa kila mzunguko. Mtu atauliza kwa nini nyingi hivyo kwa mtetemo wa 3.2 Hz. Ukichukua sampuli 20 kwa sekunde, kilele cha kweli kinaweza kuanguka katikati ya sampuli mbili na ukakisoma kikiwa pungufu kwa asilimia 12. Wakati huo huo, kilele chenyewe kinapungua kwa asilimia 4 au 5 tu kila mzunguko, kwa hiyo kosa la kusoma linakimeza kile unachokitafuta. Kwa sampuli 200, kosa hilo linashuka hadi kama asilimia 0.13.

9 Mei: kuruka juu ya daraja, njia imeachwa

Njia rahisi kuliko zote ni mtu kusimama katikati, kuruka mara moja, kutua na kutulia. Haigharimu chochote, ndiyo maana tulianza nayo. Rekodi zilitoka safi, mtetemo ukashuka vizuri, na zeta ikaja asilimia 1.6. Baadaye mrukaji yule yule alitua akakaza magoti badala ya kuyakunja, zeta ikawa asilimia 0.9.

Daraja halikubadilika kati ya mruko na mruko. Kilichobadilika ni magoti. Mwili wa mtu aliyesimama juu ya muundo mwepesi ni tungamo lenye springi na kifyonza-mshtuko chake, na akichuchumaa kidogo, springi ile inalegea na mtetemo wake wa asili unakaribia 3.2 Hz za daraja. Hapo anafyonza nishati kwa nguvu. Kilo 75 dhidi ya tani 4.4 zinazoshiriki kwenye modi hii zinaonekana si kitu, lakini zinatosha kuifanya zeta ikaribie maradufu.

Kwa hiyo njia ya kuruka inapima daraja pamoja na mtu. Kama ndicho unachotaka kujua, sawa. Sisi tunataka daraja tupu.

14 Mei: pipa la maji, na mtetemo unaohama

Tumeleta pipa la lita 200, tukalijaza maji hadi kufika kilo 200 pamoja na pipa lenyewe, na kulining'iniza chini ya daraja, sentimita 30 juu ya matairi mabovu yaliyopangwa mferejini. Kiungo kati ya pipa na daraja ni kitanzi cha waya mwembamba wa chuma kinachokatwa kwa mkasi wa vyuma wenye mikono mirefu. Kamba ya nailoni haifai: inakatika uzi mmoja mmoja, na kwa mzunguko wa sekunde 0.31, kuachia kwa mwendo wa pole kunakula sehemu ya kimo cha mwanzo. Mkataji hulala juu ya wavu upande wa kiegemeo, mbali na katikati, na hakuna anayeruhusiwa kushuka mferejini pipa likiwa juu. Unasubiri hadi pipa liache kubembea ndipo unakata.

Gharama ya hatua hii: watu watatu, waya wa kutupwa kila unapokata, na muda mrefu wa kupandisha pipa kwa winchi ya mnyororo.

Mara ya kwanza tulilifunga kwenye mhimili mmoja kwa sababu ndiko kulikokuwa na tundu la kupitishia ndoano. Kihisi cha mhimili huo kilianza na 1.05 m/s², zaidi ya maradufu ya makadirio. Sekunde moja baadaye vilele vilikuwa vimeshuka hadi 0.11. Sekunde ya pili vikapanda tena hadi 0.75. Ukichukua kipande cha mwanzo peke yake, zeta inatoka asilimia 11. Ukichukua kipande kinachofuata, inatoka hasi, kana kwamba daraja linajitengenezea nishati.

Kihisi cha mhimili wa pili kilieleza yote. Chenyewe kilianza karibu na sifuri, kikavimba pale mwenzake aliposinyaa, kisha kikasinyaa mwenzake alipovimba. Mtetemo ulikuwa unahama kutoka mhimili mmoja kwenda mwingine na kurudi. Modi mbili zilikuwa zinafanya kazi kwa wakati mmoja: kupinda kwa 3.2 Hz, na kujisokota kwa 3.7 Hz, ambako mhimili mmoja unapanda mwingine ukishuka. Tofauti yao ni 0.5 Hz, ndiyo maana mzunguko wa kuvimba na kusinyaa ulikuwa wa sekunde mbili.

Kuna hila ya kuchukua vilele vya uvimbe tu, hapa 1.05 na 0.75. Inatoa asilimia 0.84, namba inayoaminika kabisa kwa macho. Lakini ni mchanganyiko wa ufifishaji wa modi mbili, na hakuna modi hata moja yenye zeta hiyo. Tusingekuwa na kihisi cha pili, pengine ndiyo ingeandikwa.

17 Mei: kutenganisha modi mbili

Kwanza tulijaribu kichujio chembamba cha kompyuta, kinachopitisha 3.0 hadi 3.4 Hz tu. Kuvimba kulikwisha, rekodi ikapendeza. Kisha tukaangalia sehemu iliyotangulia kukatwa kwa waya, ambako daraja lilikuwa limetulia tuli, na tukakuta mtetemo. Kichujio chembamba kinatetema chenyewe kikigongwa, na kwa kuwa tulikipitisha mbele na nyuma ili kisicheleweshe rekodi, kilimwaga mtetemo wake pande zote mbili za mkato. Vilele vya mwanzo vinapunguzwa, na vile vinavyofuata haviko salama. Anayetumia kichujio aangalie hapo kwanza: mtetemo ukionekana kabla ya tukio lililousababisha, kichujio ni chembamba mno.

Suluhisho lililobaki halina kichujio ndani yake. Jumlisha vihisi viwili, gawa kwa mbili. Kwenye kujisokota mihimili inakwenda kinyume, kwa hiyo jumla yake ni sifuri. Kwenye kupinda inakwenda pamoja, kwa hiyo wastani ni kupinda kwenyewe. Ukitoa badala ya kujumlisha, unapata kujisokota peke yake, kama utakuhitaji. Sharti ni vihisi viwe umbali ule ule kutoka mstari wa katikati na visome sawa. Hilo tulilihakiki kwa kuvibandika pamoja juu ya mhimili mmoja na kulinganisha.

Pipa nalo limehamishiwa kwenye mhimili mtambuka, katikati kabisa. Sasa rekodi ya wastani inaanza na 0.45, kama ilivyoandikwa ubaoni, na inashuka bila kuvimba. Kichujio kilichobaki ni cha kukata kila kitu kilicho juu ya 8 Hz, mbali vya kutosha na 3.2 kisiudhuru mtetemo tunaoutaka. Kishindo cha pipa kutua kwenye matairi kinaonekana kama robo sekunde baada ya mkato, kwa hiyo vilele viwili au vitatu vya mwanzo tunavitupa na kuanza kuhesabu pale kimo kilipo 0.40.

20 Mei: sifuri iliyohama

Rekodi nzuri, modi moja. Tumechukua vilele vya juu, kutoka cha kwanza hadi cha mizunguko 30 baadaye. Zeta ikawa asilimia 0.61. Mwenzangu, kwenye kompyuta yake, alichukua mabonde badala ya vilele, kwenye rekodi ile ile na mizunguko ile ile. Yeye akapata 0.75.

Kihisi cha mchapuko kinasoma pia uvutano wa dunia, kwa hiyo kabla ya hesabu tulitoa 9.81 kwenye kila sampuli. Lakini kihisi kilichotulia hakikuwa kinasoma 9.81, kilikuwa kinasoma 9.83. Kila kilele kilibaki na 0.02 ya ziada, na kila bonde likapungukiwa na 0.02. Hiki hapa kilichotokea kwa namba:

Kimo cha kweli kilitoka 0.400 hadi 0.112. Vilele vya juu vilisomeka 0.420 na 0.132, uwiano wa 3.18. Mabonde yalisomeka 0.380 na 0.092, uwiano wa 4.13. Uwiano wa kweli ni 3.57, na zeta yake ni asilimia 0.68.

Sehemu mbili za mia za m/s² ni asilimia 5 tu ya kilele cha kwanza, na ndiyo maana haishtui jicho linalotazama mwanzo wa rekodi. Inauma mwishoni, ambako kilele kimebaki kidogo na ziada ni ile ile. Ukiendelea hadi mzunguko wa 60, pengo linapanuka: vilele vinatoa 0.50, mabonde 0.74.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kutoa wastani wa sehemu tulivu ya rekodi yenyewe badala ya 9.81 ya kitabuni. Ya pili, ambayo ndiyo tunayoitumia siku zote sasa, ni kuchukua nusu ya tofauti kati ya kilele na bonde linalokifuata. Ziada iliyo juu na iliyo chini inajifuta yenyewe, hata kama sifuri inahama polepole kwa joto la jua. Bonde liko nusu mzunguko mbele, lakini ni nusu ile ile kwa kila jozi, kwa hiyo uwiano hauathiriki.

Kipande cha programu tulichobaki nacho ni hiki:

```python
import numpy as np
from scipy.signal import find_peaks

def zeta_kwa_vipande(a, fs=200, f=3.2, n=10):
    d = int(0.7 * fs / f)
    juu, _ = find_peaks(a, distance=d)
    chini, _ = find_peaks(-a, distance=d)
    chini = chini[chini > juu[0]]
    m = min(len(juu), len(chini))
    A = (a[juu[:m]] - a[chini[:m]]) / 2
    delta = np.log(A[:-n:n] / A[n::n]) / n
    return A[::n], delta / np.sqrt(4*np.pi**2 + delta**2)
```

Kabla ya kukiita, kata rekodi ianzie baada ya vilele vya kutupwa na iishie kabla kelele haijatawala. Na usiache hatua ya kupima vilele peke yake na mabonde peke yake kama uhakiki: vikitofautiana, sifuri haiko mahali pake.

24 Mei: mstari usionyooka

Njia ya kawaida sasa ni kuchora logi asilia ya kimo dhidi ya namba ya mzunguko. Kama zeta haibadiliki, alama zote zinalala kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mteremko wake ni delta. Tulitegemea mstari. Tumepata upinde: unashuka kwa ukali mwanzoni, kisha unalegea kadiri mtetemo unavyokuwa mdogo.

Kimo kwa kila mizunguko 10, kwa m/s², ni 0.400, 0.250, 0.163, 0.112, 0.080, 0.058, 0.043. Zeta ya kila kipande, kwa asilimia, ni 0.75, 0.68, 0.60, 0.54, 0.51, 0.48.

Ukilazimisha namba moja kwa kulinganisha mwanzo na mwisho tu, unapata 0.59. Ni wastani wa kitu ambacho hakikuwa hivyo isipokuwa pale kilipopita katikati.

Kabla ya kusema daraja ndilo lenye tabia hii, ilibidi kuwaondoa washukiwa wengine, kwa kuwa wapo wanaopinda mstari kwa namna hii hii. Sifuri iliyohama ni mmoja: ikiwa juu, vilele vya juu vinalegea mwishoni. Lakini hapa tumetumia nusu ya tofauti. Mshukiwa wa pili ni kelele. Kitafuta kilele huchagua sampuli kubwa kuliko zote jirani, kwa hiyo kelele inapokaribia ukubwa wa mtetemo, vilele vinasomwa vikubwa kuliko vilivyo, kimo kinaonekana kugoma kushuka na zeta inaonekana kupungua. Kelele ya rekodi iliyotulia, baada ya kichujio cha 8 Hz, ni kama 0.004. Kilele cha mwisho tulichokitumia ni 0.043, zaidi ya mara 10 ya hiyo, na hapo ndipo tulipochora mpaka. Tulipoendelea kupita mpaka huo kwa makusudi, zeta iliendelea kushuka bila kituo. Hiyo sehemu ni ya kihisi, si ya daraja.

Upinde wa upande wa pili, unaoanza kwa ulegevu na kuzidi ukali mwishoni, ungetuambia habari nyingine. Ndivyo unavyofanya msuguano mkavu unaoteleza muda wote: unapunguza kimo kwa kiasi kile kile kila mzunguko, sio kwa sehemu ile ile, na kiasi kile kile kikitolewa kwenye kimo kilichobaki kidogo kinaonekana kikubwa. Hatukuona hivyo. Kwetu mtetemo mkubwa ndio unaopoteza zaidi. Hii inaelekeza kwenye viungo ambavyo vinagandana mtetemo ukiwa mdogo na kuanza kuteleza kidogo kidogo ukiwa mkubwa.

28 Mei: nusu pipa

Bado kulikuwa na pingamizi moja la haki. Kipande cha kwanza kina kimo kikubwa, lakini pia ndicho kilicho karibu na mkato na kishindo cha pipa. Labda zeta kubwa inatokana na wakati, sio na kimo.

Tumemwaga maji hadi pipa na maji yake vikabaki kilo 100. Pipa la kilo 100 linaanzisha daraja kwa nusu ya kimo, kwa hiyo hesabu inaanzia 0.200. Kama tatizo ni wakati, kipande cha kwanza kingetoa 0.75 tena. Kama ni kimo, kingetoa kile ambacho pipa zima lilitoa lilipopita kwenye kimo hicho.

Kimo kilikwenda 0.200, 0.134, 0.094. Zeta ya kipande cha kwanza ni 0.64, ya pili 0.56. Ukiziweka kwenye grafu ya zeta dhidi ya kimo cha wastani wa kipande, zinaangukia kwenye mkunjo wa pipa zima, katikati ya alama zake. Pingamizi limekwisha. Hii ndiyo hatua iliyogharimu kidogo na kuthibitisha zaidi kuliko zote, na anayenakili kazi hii asiiruke.

3 Juni: vibanio vya wavu

Tumetafuta viungo vinavyoteleza. Kwa kuweka kiganja juu ya wavu wakati daraja linatetema baada ya mkato, karibu na robo ya urefu, vipande viwili vya wavu vinasikika vikicheza juu ya mhimili, mchezo mdogo usioonekana kwa jicho. Bolti kadhaa za vibanio zilikuwa zinazunguka kwa vidole.

Zote zimekazwa, kisha pipa zima likarudiwa. Kipande cha kwanza, kutoka 0.40, kimeshuka kutoka 0.75 hadi 0.66. Kipande cha mwisho kimekuwa 0.47, kwa hiyo hakijasogea kwa kiasi cha kuzungumzia. Ndivyo inavyopaswa kuwa: mtetemo ukiwa mdogo, vibanio vilikuwa vimegandana hata kabla ya kukazwa, na havikuwa vikichangia. Kilichobaki cha mteremko, kutoka 0.66 hadi 0.47, kiko kwenye viegemeo au kwenye viungo vya vikingo vya pembeni. Hatujavitenganisha.

Mwenye daraja hakufurahi kusikia kwamba matengenezo yamepunguza ufifishaji. Ni kweli yamepunguza. Wavu uliolegea ulikuwa unafyonza nishati kwa kujikwangua, na huo si ufifishaji wa kutegemea.

5 Juni: namba zinavyoingia kwenye ripoti

Zeta haiendi kwenye ripoti peke yake. Inaandikwa pamoja na kimo ilikopimwa, kwa msogeo pia, kwa sababu msomaji wa hesabu anafikiri kwa milimita. Kwa 3.2 Hz, mchapuko wa m/s² ukiugawa kwa 404 unapata msogeo kwa mita, hivyo 0.40 ni kama milimita 1.0 na 0.043 ni kama milimita 0.1. Baada ya kukaza vibanio: asilimia 0.66 kwenye kipande kilichoanza na milimita 1.0, asilimia 0.47 kwenye kipande kilichoishia milimita 0.1, daraja tupu, modi ya kwanza ya kupinda, bila mtu juu yake.

Anayehesabu aliomba namba moja ya kutumia. Mtu anayetembea polepole kwa hatua 1.6 kwa sekunde analigonga daraja pia kwa maradufu ya hiyo, yaani 3.2, na mtetemo unaanza mdogo kabla ya kukua. Kwa hiyo hatua za mwanzo za kukua kwake zinakutana na zeta ya chini, siyo ya juu. Tumempa 0.5 kwa daraja tupu lenye mpita njia mmoja, na tumemwambia asitumie mkunjo wetu kwa mchapuko uliozidi 0.40, kwa sababu huko hatukufika. Kufika huko kunahitaji uzito mkubwa zaidi: kwa 0.7 m/s² ni zaidi ya kilo 300 katikati, na kabla ya kuzining'iniza lazima mhimili mtambuka uhakikiwe.

Rekodi zote mbichi zimehifadhiwa kabla ya kutolewa sifuri na kabla ya kichujio, vihisi viwili kando kando, pamoja na sekunde 10 za utulivu kabla ya kila mkato. Sekunde hizo ndizo zinazotoa sifuri na kelele, na bila hizo hakuna atakayeweza kuhakiki chochote kilichoandikwa hapo juu.